Urekebishe Kinga Mara Ngapi? Hesabu ya Muuza Opsheni

Watu wawili wanauza opsheni ileile, siku ileile, kwa bei ileile. Wote wanajikinga kwa kanuni moja inayofundishwa vyuoni, na hakuna anayekosea hesabu. Mwezi ukiisha, mmoja ana faida ya dola elfu tatu na mwingine ana hasara ya dola elfu moja. Kilichowatofautisha ni kitu kimoja tu: mmoja alikuwa akirekebisha kinga yake mara moja kwa siku, mwenzake mara nne.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba anayerekebisha mara nyingi ndiye hupata zaidi. Sivyo. Kurekebisha mara nyingi hakuongezi faida ya wastani hata senti moja. Kwa kweli huipunguza, kwa sababu kila muamala una gharama. Kinachobadilika ni umbali ambao matokeo yanaweza kukaa na wastani huo, juu au chini. Tofauti hiyo ina bei yake, na muuzaji makini huipima kabla ya kuilipia.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Opsheni ya kununua ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila wajibu, ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa leo, tarehe fulani ikifika. Soko la kwanza la kupanga mikataba hiyo kwa viwango sawa lilifunguliwa Chicago tarehe 26 Aprili 1973, na mpaka leo mkataba mmoja wa hisa huko kwa kawaida unabeba hisa 100. Tuseme basi muuzaji wetu anauza mikataba 100, yaani hisa 10,000. Hisa ziko dola 100 kila moja, bei iliyokubaliwa nayo ni dola 100, na zimebaki siku 21 za soko, karibu mwezi mmoja. Hisa hizo huyumba kwa asilimia 20 kwa mwaka, jambo ambalo kwa siku moja ya kawaida ni kupanda au kushuka kwa takriban dola 1.26. Riba na gawio tuziache pembeni. Kanuni ya Fischer Black na Myron Scholes, iliyochapishwa mwaka huohuo wa 1973, inasema opsheni hiyo ina thamani ya dola 2.30 kwa kila hisa. Muuzaji anapokea dola 23,000.

Akikaa kimya bila kinga, amecheza kamari. Hisa zikiishia chini ya dola 100, fedha zote ni zake. Zikifika dola 110, analipa dola 100,000. Ukipima mtawanyiko wa matokeo yake, yaani kiasi ambacho kwa kawaida hukaa mbali na wastani, unapata karibu dola 33,700. Hatari ni kubwa kuliko malipo aliyopokea.

Kwa hiyo anajikinga kwa delta. Delta ni kiasi ambacho bei ya opsheni husogea hisa zikisogea dola moja. Hapa ni takriban 0.51. Muuzaji ananunua hisa 5,100. Hisa zikipanda kidogo, anachopoteza kwenye opsheni anakipata kwenye hisa, na zikishuka kidogo vivyo hivyo kinyume chake. Neno la kushikilia ni "kidogo", kwa sababu delta yenyewe haitulii. Hisa zikipanda dola moja, delta inapanda kwa karibu 0.07, na kasi hiyo ya kubadilika kwa delta ndiyo inayoitwa gama. Kwa muuzaji wetu ni hisa 690 kwa kila dola. Bei ikipanda dola moja inabidi anunue hisa 690 zaidi, ikishuka dola moja inabidi auze 690. Ananunua zikiwa juu na kuuza zikiwa chini, na kila mara anapoteza kidogo.

Anafidiwa na muda. Kila siku inayopita opsheni aliyoiuza hupungua thamani, na mwanzoni mwa mkataba huu upungufu huo ni karibu dola 550 kwa siku. Huo ndio mshahara wake. Hisa zikitulia, anaubeba wote. Zikisogea dola 1.26, ule mwendo wa siku ya kawaida, hasara ya gama inaumeza wote na siku inaisha sufuri. Zikisogea zaidi ya hapo, amepoteza. Na hasara hiyo haikui kwa mwendo wenyewe, inakua kwa mwendo ukizidishwa kwa wenyewe: mwendo mara mbili, hasara mara nne.

Hapo ndipo swali la kurekebisha mara ngapi linapozaliwa, na njia nzuri ya kuliona ni kuchukua siku mbili tu na kuzitazama kwa karibu.

Siku ya kwanza hisa zinaanza dola 100, mchana zinafika 101.50, na jioni zinafunga 103. Anayerekebisha jioni tu anahesabiwa mwendo wa dola 3 mzima. Hasara yake ya gama ni karibu dola 3,110. Ukitoa mshahara wa muda wa dola 550, amepoteza dola 2,560. Mwenzake anayerekebisha mchana na jioni anahesabiwa miendo miwili ya dola 1.50. Kila mmoja unamgharimu robo ya ule mwendo mkubwa, si nusu, kwa hiyo jumla ni dola 1,555. Akiondoa mshahara uleule, amepoteza dola 1,005 tu. Siku hiyo aliyerekebisha mara mbili anaonekana mwerevu.

Siku ya pili hisa zinaanza tena dola 100, mchana zinafika 101.50, na jioni zinarudi 100 kamili. Anayerekebisha jioni hakuona kitu. Kwake bei haikusogea, na anaweka mfukoni dola 550. Mwenzake alinunua mchana kwa 101.50 na jioni akauza kwa 100 hisa zilezile alizonunua. Miendo yake ni miwili ya dola 1.50 kama siku ya kwanza, na hasara yake ni ileile: dola 1,005. Siku hiyo anaonekana amejisumbua bure.

Sasa zijumlishe. Wa jioni amepoteza 2,560 siku moja na kupata 550 siku nyingine, na wastani wake ni hasara ya dola 1,005. Wa mchana na jioni amepoteza 1,005 siku zote mbili. Wastani ni uleule. Kilichoondoka ni ule mruko kati ya siku mbaya na siku nzuri. Anayerekebisha mara chache anaacha matokeo yake yategemee kama bei iliendelea na safari yake au iligeuka njiani, jambo ambalo hakuna anayelijua mapema. Anayerekebisha mara nyingi analipia mtikisiko wenyewe, uelekee popote.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia mtu akisema, "Ningesubiri kidogo kurekebisha, ningepata faida." Ni kweli, siku ile angepata. Lakini kusubiri ni dau kwamba bei itarudi, na muuzaji aliyejikinga kwa delta aliingia kazini ili asiweke dau juu ya mwelekeo wa bei.

Kutoka siku mbili hadi mwezi mzima, hesabu inaongozwa na kanuni moja ya takwimu. Ukigawanya mwezi katika vipindi vingi, kila kipindi kinakuwa na kosa lake dogo, na makosa hayo hayana uhusiano. Moja huja juu, jingine chini. Vipindi vikiongezeka mara nne, kosa la kila kipindi hupungua hadi robo, na kwa kuwa makosa yanafutana kwa sehemu, varianzi ya jumla hupungua mara nne pia. Varianzi lakini hupimwa kwa miraba ya dola. Ukirudi kwenye dola zenyewe, mtawanyiko umepungua nusu tu. Kazi mara nne, utulivu mara mbili.

Mwaka 1980 Phelim Boyle na David Emanuel waliichambua hali hii kwa kina, wakaonyesha jambo ambalo kila muuzaji analihisi mwilini kabla hajalisoma: makosa hayo hayana umbo lililolingana pande zote. Katika kipindi kimoja, muuzaji hupata faida karibu mara mbili kati ya tatu, kwa kuwa miendo mingi ni midogo kuliko ile ya kawaida. Faida hizo ni ndogo na zina kikomo, kwa sababu hawezi kupata zaidi ya mshahara wa muda. Theluthi inayobaki ni hasara, na hasara haina kikomo. Mtu anayerekebisha mara chache anaweza kufurahia mfululizo wa siku nzuri akadhani amegundua siri ya soko, kumbe hilo ndilo umbo la kawaida la biashara yake.

Hesabu rahisi ya kutumia mezani ilitolewa mwaka 1999 na Emanuel Derman, mwanafizikia mzaliwa wa Cape Town aliyekuwa akifanya kazi Goldman Sachs, pamoja na Michael Kamal. Kwa opsheni ambayo bei iliyokubaliwa iko karibu na bei ya soko, chukua malipo ya opsheni, zidisha kwa 0.89, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marekebisho. Muuzaji wetu akirekebisha mara moja kwa siku, yaani mara 21, mtawanyiko wa matokeo yake ni karibu dola 4,450. Hiyo ni zaidi ya asilimia 19 ya malipo yote aliyopokea. Akirekebisha mara nne kwa siku, mara 84 kwa mwezi, ni dola 2,220. Akirekebisha mara 16 kwa siku, kila baada ya dakika 24 hivi za saa sita na nusu za soko la Marekani, ni dola 1,110.

Tazama mwendo wa namba hizo. Hatua ya kwanza, kutoka dola 33,700 bila kinga hadi 4,450, ni ya ajabu, na inatokana na kazi ya dakika chache kila jioni. Baada ya hapo kila hatua ni ghali zaidi na inaleta kidogo zaidi. Na nadharia ya Black na Scholes inayosema hatari itaisha kabisa inadai marekebisho yasiyo na kikomo, kila nukta ya muda, jambo ambalo hakuna binadamu wala mashine inayolifanya.

Isitoshe, hakuna anayefanya bure. Anayenunua hisa hulipa bei ya juu kidogo ya katikati ya soko, na anayeuza hupokea ya chini kidogo, halafu kuna ada ya dalali. Tuseme vyote pamoja ni senti 10 kwa kila hisa. Akirekebisha mara 21, muuzaji wetu kwa wastani atanunua na kuuza jumla ya hisa 14,600, mbali na zile za mwanzo, na atalipa dola 1,460. Akirekebisha mara 84, atapitisha mikononi hisa 29,200, gharama dola 2,920. Mara 336, gharama inafika karibu dola 5,830, robo ya malipo yote ya opsheni. Kila marekebisho yanapoongezeka mara nne, ukubwa wa kila muamala unapungua nusu, kwa hiyo gharama inaongezeka mara mbili. Mtawanyiko unashuka kwa nusu, gharama inapanda maradufu.

Hapo mtu lazima achague. Kutoka mara 21 hadi 84 analipa dola 1,460 zaidi ili kupunguza mtawanyiko kwa dola 2,230. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, ambaye mwezi mmoja mbaya unaweza kumfungia biashara, hilo naliona linaeleweka. Kutoka 84 hadi 336 analipa dola 2,900 za uhakika ili kuondoa dola 1,110 za mashaka, na sijaona sababu ya kufanya hivyo kwa hisa zenye gharama ya senti 10. Kwa hisa zinazouzwa kwa tofauti ya senti moja, jibu linaweza kugeuka. Meza kubwa yenye mamia ya opsheni za hisa tofauti nayo ina jibu jingine, kwa kuwa makosa ya hisa moja yanafutwa kwa sehemu na ya nyingine, na inaweza kurekebisha mara chache zaidi bila wasiwasi. Hayne Leland wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha mwaka 1985 jinsi ya kuingiza gharama hizi kwenye bei tangu mwanzo: unafanya hesabu kana kwamba hisa zinayumba zaidi kuliko zinavyoyumba, na kadiri unavyopanga kurekebisha mara nyingi ndivyo nyongeza hiyo inavyokuwa kubwa.

Hadi sasa tumechukulia kwamba muuzaji alikisia mtikisiko sawasawa. Asipokisia sawa, kurekebisha mara nyingi hakumwokoi. Tuseme aliuza akidhani asilimia 20 na hisa zikayumba kwa asilimia 25. Kila pointi moja ya mtikisiko ina thamani ya takriban dola 1,150 kwenye mkataba huu, kwa hiyo wastani wa matokeo yake unashuka kwa dola 5,700 na zaidi. Anayerekebisha mara moja kwa siku anaweza asitambue, kwa kuwa hasara hiyo si kubwa sana mbele ya mtawanyiko wake wa dola 4,450. Ingeweza kuwa bahati mbaya tu. Anayerekebisha mara 16 ataiona waziwazi, hasara ya mara tano ya mtawanyiko wake, lakini ataipata ileile. Kinga ya mara kwa mara inasafisha kioo tu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama tatizo lake ni kelele au ni bei mbaya asiangalie mkataba mmoja. Akusanye matokeo ya mikataba mingi, atoe gharama pembeni, kisha aulize maswali mawili: je, wastani uko karibu na sufuri, na je, matokeo yametawanyika kwa kiasi ambacho kipeuo cha pili kilitabiri? Wastani ukiwa chini, alikosea mtikisiko. Wastani ukiwa sawa lakini mtawanyiko ukizidi sana utabiri, basi hisa zake zinaruka.

Na kuruka ndiko mpaka wa mwisho wa mbinu hii. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya S&P 500 ilianguka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Leland huyohuyo na wenzake walikuwa na kampuni iliyouza kinga ya mitaji, iliyofanya kazi kwa kuuza kadiri soko linavyoshuka. Siku ile bei zilikimbia mbele ya maagizo ya kuuza, na mauzo yenyewe yakaongeza msukumo wa kushuka. Mpelekee muuzaji wetu mruko kama huo: hisa zinafunga 100 na kufungua 80. Opsheni aliyoiuza karibu haina thamani tena, na dola 23,000 ni zake. Lakini hisa 5,100 alizonunua kama kinga zimepoteza dola 20 kila moja, jumla dola 102,000. Ana hasara ya dola 79,000. Alikuwa akirekebisha mara nne kwa siku au mara mia nne, haidhuru, kwa kuwa kati ya kengele ya jioni na ya asubuhi hapakuwa na mahali pa kurekebisha. Dhidi ya hilo, kinga ni kununua opsheni nyingine, hata kama ni za bei ya mbali.

Inabaki hoja moja ya kazi, nayo inalitikisa swali lenyewe la "mara ngapi". Kugawanya mwezi kwa vipindi sawa ni rahisi kuhesabu, lakini hatari haigawanyiki sawa. Mwanzoni gama ya muuzaji wetu ilikuwa hisa 690 kwa dola. Zikibaki saa za siku moja tu na hisa bado ziko dola 100, gama imefika karibu hisa 3,170 kwa dola. Kwa upande mwingine, zikiwa dola 90 huku zimebaki siku chache, gama imekwisha na saa ya kurekebisha inagonga bure. Ndiyo maana wengi hawafuati saa, hufuata mpaka: wanaacha kinga itofautiane na delta kwa kiasi fulani, na wanarekebisha inapovuka tu. Elizabeth Whalley na Paul Wilmott walipiga hesabu ya upana wa mpaka huo mwaka 1997, wakapata kwamba unafuata kipeuo cha tatu cha gharama. Gharama zikishuka mara nane, mpaka unafaa upunguzwe nusu tu. Gama ikipanda, mpaka unapanuka, ila delta inakimbia kwa kasi zaidi kuliko mpaka unavyopanuka, na marekebisho yanaongezeka yenyewe panapohitajika.

Hata hivyo kuna Ijumaa ambayo mpaka wowote hautoshi. Mkataba unaisha jioni, hisa zinapanda na kushuka kati ya dola 99.90 na 100.10, na kinga sahihi inaruka kutoka hisa chache hadi karibu 10,000 na kurudi ndani ya nusu saa. Kila mruko ni muamala mkubwa wenye gharama kamili. Wauzaji wengi hawasubiri wafike hapo. Siku moja au mbili kabla, hununua tena opsheni walizouza, hata ikiwabidi kulipa zaidi kidogo ya thamani ya hesabu, kisha huuza hisa zao zote.